Kupiga picha nyumba inayouzwa: vyumba gani uchague, na vifuatane vipi

Kila wiki natumiwa picha za nyumba na watu wanaouza wenyewe, wakiniuliza kwa nini simu zinapigwa lakini hakuna anayekuja kuona. Nikifungua nakuta yale yale. Picha ya kwanza ni geti lililofungwa. Zinafuata tisa za sebule, nne za dari la jipsamu, mbili za kitanda. Choo hakuna, jiko hakuna, na barabara ya kufika hapo hakuna. Picha zenyewe mara nyingi ni safi tu. Kilichokosewa ni uchaguzi na mpangilio, na hayo mawili ndiyo mwongozo huu unayashughulikia.

Nimetumia nyumba moja niliyoipiga Goba, Dar es Salaam: vyumba vitatu vya kulala kimoja kikiwa masta, sebule, sehemu ya kulia, jiko, choo cha pabliki, na banda la vyumba viwili uani. Nyumba nyingi za mjini zina umbo linalokaribiana na hilo, hivyo ya kwako utaipima humo humo.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu yenye kamera nzuri na chaji ya kutosha, na kitambaa laini cha pamba. Lenzi ya simu inayokaa mfukoni ina mafuta ya vidole, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya dirisha lionekane kama lina ukungu.
- Karatasi na kalamu.
- Yuniti za LUKU. Kuna vyumba vitahitaji taa.
- Ndoo, dekio, na mtu mmoja wa kukusaidia kuhamisha vitu.
- Siku moja nzima. Saa moja haitoshi, na sababu utaiona hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Zunguka nyumba bila simu

Ingia getini kama mgeni na uandike kila sehemu unayoipita kwa mfuatano wake: uwanja wa mbele, kibaraza, sebule, sehemu ya kulia, jiko, korido, vyumba, vyoo, uani. Pembeni ya kila jina andika dirisha lake linatazama upande gani, mashariki au magharibi.

Kazi hii inafanywa bila simu kwa sababu ukiishika mkononi utaanza kupiga kilicho kizuri machoni pako. Mwenye nyumba anaipenda sofa yake na dari alilolilipia fundi hela nyingi. Mnunuzi hanunui sofa, na dari ataliona kwenye picha ya chumba.

Utajua umefanya sawa ukiwa na karatasi yenye majina ya sehemu zote, hata zile unazozionea aibu. Ile nyumba ya Goba ilikuwa na sehemu kumi na tano.

## Hatua ya 2: Amua kipi kinapigwa na kipi kinaachwa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiikimbie.

Kwa kila sehemu uliyoiandika jiulize: mnunuzi akikosa picha hii, atalazimika kupiga simu kuuliza? Kama ndiyo, sehemu hiyo ni ya lazima. Kwa nyumba za kawaida za Dar, za lazima ni hizi:

Mbele ya nyumba. Piga ukiwa ndani ya uzio, kutoka kona, ili ukuta wa mbele na wa ubavuni vionekane pamoja. Ukisimama katikati na kuitazama uso kwa uso, nyumba inakuwa bapa kama ubao na mtu hawezi kukadiria ukubwa wake.

Sebule. Picha moja, mbili kama ni kubwa au imeungana na sehemu ya kulia. Ya tatu haiongezi kitu.

Jiko. Wauzaji wengi hulificha kwa kuona ni mahali pa masizi. Lakini jiko lina kabati, sinki, taili za ukutani na bomba, na vitu hivyo vinagharimu. Mnunuzi akiona jiko limekamilika, anajua hela ambayo hataitoa baada ya kuhamia. Asipoliona, anadhani halijaisha.

Masta na choo chake. Hizi ni picha mbili zisizoachana. Chumba chenye kitanda peke yake hakithibitishi kwamba kina choo ndani. Kama inawezekana, piga masta ukiwa kwenye pembe inayoonyesha mlango wa choo ukiwa wazi.

Choo cha pabliki. Sijawahi kuona mnunuzi makini asiyeulizia choo. Kifuniko kiwe kimefungwa, ndoo na mabrashi yametoka, sakafu imekauka.

Maji. Piga tangi na mnara wake, au kisima kama kipo. Mtu aliyewahi kukaa mtaa ambao maji yanatoka mara mbili kwa wiki ataitafuta picha hii.

Uwanja. Piga kutoka kona moja ya kiwanja kwenda kona ya mbali, ili nafasi iliyobaki ionekane. Kuna anayenunua akiwaza kuegesha magari mawili, na kuna anayewaza fremu za duka mbele.

Barabara mbele ya geti. Ipige hata kama ni ya vumbi. Nitarudi kwenye hii.

Vyumba vingine vya kulala vinatosha picha moja moja. Kama viwili vinafanana kabisa na vitupu, piga kimoja na uandike kwenye maelezo kwamba cha pili ni kama hicho. Stoo ina maana ikiwa kubwa. Korido iache, isipokuwa ina kabati za ukutani.

Halafu kuna visivyopigwa kabisa. Hati ya nyumba usiiweke kwenye tangazo: namba ya kiwanja na jina lako vinatosha kumsaidia mtu anayetaka kutengeneza hati ya kughushi. Mnunuzi wa kweli ataiona mkononi mwako na kwenda kuihakiki ofisi ya ardhi. Vilevile acha funguo zilizoning'inia mlangoni, kasiki, namba za magari, na sura za watoto.

Sasa ile sehemu yenye kasoro. Choo cha pabliki cha nyumba ya Goba kilikuwa na doa la kahawia kwenye dari, maji yalishapenya. Mwenye nyumba alitaka tukiruke. Nilimwambia achague kimoja: azibe bati linalovuja, kisha apake rangi, ndipo tupige, au tupige na doa lake. Kupaka rangi tu juu ya doa hakusaidii, mvua ya kwanza hulirudisha, pengine siku ile ile mnunuzi anakuja. Na kuruka choo hakusaidii pia, kwa sababu mtu aliyepanda daladala mbili na kumlipa dalali hela ya kuonyeshwa nyumba, akikutana na jambo lililofichwa, anaanza kulitafuta la pili. Aliziba bati.

Utajua umefanya sawa ukibaki na sehemu kati ya kumi na mbili na kumi na sita. Zikizidi ishirini, rudi kwenye swali la mwanzo.

## Hatua ya 3: Panga ratiba ya kupiga kwa kufuata jua

Watu wengi hudhani picha hupigwa kwa mfuatano ule ule zitakaowekwa. Sivyo. Mfuatano wa kupiga unaamuliwa na mwanga, mfuatano wa kuonyesha unaamuliwa na jicho la mnunuzi.

Chukua karatasi yako ya hatua ya kwanza. Chumba chenye dirisha la mashariki kipige asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne. Chenye dirisha la magharibi kisubiri saa tisa hadi saa kumi na nusu. Mbele ya nyumba ipigwe jua likiwa mgongoni kwako. Ukisimama na jua linakupiga machoni, nyumba itatoka nyeusi na anga nyeupe, na hakuna wa kuirekebisha baadaye.

Goba tulianza na jiko na masta saa mbili na nusu asubuhi kwa kuwa vilikuwa mashariki. Adhuhuri jua likiwa utosini tulifanya vyoo, ambavyo havitegemei madirisha. Sebule na uso wa nyumba vilisubiri saa kumi alasiri. Katikati tulipumzika, na msaidizi alitumia muda huo kudeki.

Chumba chenye mwanga wa kutosha, zima taa. Balbu ya njano ikichanganyika na mwanga wa dirishani, ukuta mweupe unageuka rangi ya chai. Kwenye choo kisicho na dirisha kubwa washa, hapo hakuna mgongano.

## Hatua ya 4: Piga

Kila chumba simama pembeni, kwenye kona inayokuonyesha kuta mbili na dirisha. Shika simu kwa ulalo, usawa wa kifua. Ukiinua juu sana utapiga dari, ukishusha utapiga miguu ya meza. Angalia kingo za milango: zikisimama wima kwenye kioo cha simu, na simu yako imenyooka.

Piga tatu kwa kila sehemu, usonge hatua moja kila mara. Moja itakuwa bora na hutajua ni ipi hadi ukae chini.

Tahadhari kuhusu 0.5x. Lenzi hii pana inasaidia chooni na jikoni, mahali usipoweza kurudi nyuma. Ukiitumia sebuleni inavuta kingo, na sofa ya watu watatu inaonekana ya watu watano. Mnunuzi akifika anaona chumba kimesinyaa. Sebule na vyumba vipige kwa 1x ukiwa umesimama mlangoni.

## Hatua ya 5: Chagua moja kwa kila sehemu

Tulirudi na picha 46. Zilizobaki ni 14.

Chagua ukiwa umekaa, kwenye kivuli, na uweke picha tatu za sehemu moja mbele yako kwa wakati mmoja. Ibaki ile inayoonyesha sakafu nyingi na njia ya kutokea, yaani mlango au nafasi inayoelekea chumba kinachofuata. Sakafu ndiyo inayomwambia mtu ukubwa, na mlango unamwambia yupo wapi ndani ya nyumba. Picha nzuri ya kona isiyoonyesha chochote kati ya hivyo iache, hata kama rangi zake zimekaa vizuri.

## Hatua ya 6: Zipange

Ukituma picha nyingi kwa mkupuo kwenye WhatsApp, zinakusanywa kwenye kisanduku kimoja kinachoonyesha nne tu, na juu ya ile ya nne kunakuwa na alama ya + na idadi. Zaidi ya hapo, kila moja ya hizo nne hukatwa pembeni ikawa mraba. Kwenye Instagram unaweza kuweka hadi 20 kwa posti moja, lakini anayepita anaona ya kwanza peke yake.

Kwa hiyo una wasomaji wawili. Picha nne za mwanzo ni za mtu anayepita akitelezesha kidole. Zilizobaki ni za mtu aliyekwisha kufungua, na huyo anataka kutembezwa.

Hivi ndivyo tulivyozipanga za Goba:

1. Mbele ya nyumba kutoka kona
2. Sebule, ikionekana hadi sehemu ya kulia
3. Jiko
4. Masta, mlango wa choo wazi
5. Choo cha masta
6. Chumba cha pili
7. Chumba cha tatu
8. Choo cha pabliki
9. Sehemu ya kulia, ikitazama mlango wa jiko
10. Kibaraza cha nyuma
11. Tangi na mnara wake
12. Banda la uani
13. Uwanja, kona hadi kona
14. Barabara mbele ya geti

Nne za mwanzo zinajibu maswali ya haraka: ni nyumba ya aina gani, imepakwa na kumaliziwa kiasi gani, jiko limekamilika, kuna masta. Nimeweka jiko kabla ya masta makusudi. Vyumba vya kulala vinafanana nyumba hadi nyumba. Majiko hayafanani, na jicho linasimama kwenye kitu lisichokitegemea.

Kuanzia ya tano, mtu anatembea. Anatoka masta, anapita korido akitazama vyumba viwili, anapita choo cha pabliki, anarudi sehemu ya kulia, anatoka kwa mlango wa jiko hadi uani, anazunguka uwanja, anaishia getini. Picha ya tisa inaonekana kama ya ziada, lakini ndiyo inayomtoa kwenye vyumba na kumpeleka nje. Niliwahi kuiacha kwenye nyumba nyingine, na watu watatu wakauliza kama jiko lipo nje.

Barabara inakuwa ya mwisho kwa sababu mtu aliyeipenda nyumba atauliza gari linafikaje. Akiona vumbi akiwa ameshaiona nyumba nzima, anapima vumbi hilo dhidi ya nyumba nzima. Akiona vumbi mwanzo, hafiki kwenye jiko. Na asipoliona kabisa, ataliona siku ya kuja, akageuza gari getini. Hiyo imewahi kutokea mbele yangu: mteja hakushuka.

Kuna hali mbili ninazovunja mpangilio huu. Kama nyumba ipo kando ya lami, barabara inapanda hadi namba mbili. Na kama ni pagale, uwanja na msingi vinatangulia, kisha vyumba, kwa kuwa hapo mtu ananunua kiwanja na ramani.

Nyumba yenye wapangaji: waombe ruhusa siku kadhaa kabla, na chumba wanacholala usikipige wakikataa. Andika kwamba kina mpangaji na kitaonyeshwa kwa miadi.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa mtu asiyeijua nyumba

Mpe jirani au ndugu simu, apitie picha mara moja. Chukua simu, kisha muulize: vyumba vingapi? Vyoo vingapi? Ukitoka jikoni unafika wapi?

Akijibu yote, mpangilio umekubali. Akisema vyoo viwili wakati ni vitatu, kuna picha imekosekana. Akisema vyumba vinne wakati ni vitatu, umeweka chumba kimoja mara mbili kutoka pande mbili, na yeye akavihesabu kama viwili. Kosa hili la pili hutokea mno na linaudhi, kwa kuwa mnunuzi atakuja kuhesabu.

## Hatua ya 8: Tuma bila kuharibu mfuatano

Kwenye simu, gusa picha moja moja kwa namba zake, usichague zote kwa kuburuta kidole. Ukiburuta, zinapangwa kwa saa ulizopiga, na utarudi kwenye mfuatano wa jua. Chagua ubora wa HD kabla ya kutuma. Maelezo ya bei, eneo na ukubwa wa kiwanja yatume kama ujumbe wa pekee baada ya picha.

Usimtumie dalali picha kumi leo na nne kesho. Atasambaza zile kumi, na za uani hazitawahi kuonekana.

## Kusoma majibu

Maswali ya simu ndiyo yatakayokuambia ulichokosea. "Choo cha ndani kipo?" maana yake picha ya tano haipo au haieleweki. "Gari linafika?" ni barabara. "Eneo kubwa kiasi gani?" ni uwanja. Wakija wengi na kuondoka dakika tano za kwanza, angalia lenzi uliyotumia sebuleni.

Mwenye nyumba wa Goba alikuwa akijibu maswali matatu hayo kila siku kwenye tangazo lake la kwanza, lenye picha 22. Baada ya kupanga upya, simu zilianza na "hati ipo?" na "bei ya mwisho?"

Kama simu zenyewe hazipigwi, badilisha picha ya kwanza tu na uziache nyingine kumi na tatu kama zilivyo, usubiri wiki moja. Ukibadilisha zote kwa pamoja hutajua ni ipi iliyokuwa inawazuia.